Kanzu nyeupe mbele ya kitambaa cha kijani

Wenye studio ndogo hapa Lamu, hasa kwenye vyumba vya nyumba za zamani vyenye kuta za chokaa: ukimrekodi mtu aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya kitambaa cha kijani, usikimbilie kompyuta kuondoa ukijani unaomshika mabegani. Ule ukijani ni mwanga uliogonga kitambaa na kuta nyeupe, ukamrudia yeye. Tundika vitambaa vyeusi pembeni, hata mabuibui yanafaa, na umsogeze mtu kama mita 2 mbele. Kitambaa kipewe taa zake mbili, moja kila upande, zimulike sawasawa bila kivuli wala mikunjo. Zisiushinde mwanga wa usoni, maana kitambaa kikiwaka mno ndipo kinapotapakaza kijani zaidi.

Kwenye programu ya After Effects, weka Keylight ya kuondoa kitambaa cha kijani, chagua Screen Colour kwenye kitambaa karibu na bega, kisha badilisha View iwe Screen Matte. Mtu aonekane mweupe kabisa, nyuma yake kuwe kweusi. Kanzu ikionyesha kijivu, shusha Clip White kidogo. Nyuma ikibaki na kijivu, Clip Black ipandishe taratibu mno. Ukizidisha, nywele za ndevu ndizo zinazokatika kwanza. Mstari ukibaki ukingoni, Screen Shrink/Grow ya -1 inatosha.

Halafu rudisha View kwenye Intermediate Result, uongeze Advanced Spill Suppressor ya kufuta ukijani uliobaki. Kanzu ikianza kuwa na uwaridi, punguza Suppression.