Hukumu Unayo, Pesa Huna: Namna ya Kumkamua Mdaiwa Mkaidi

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi alikuja ofisini na nakala ya hukumu ameikunja mara nne ndani ya mkoba. Mkandarasi alichukua saruji na mabati kwa mkopo, akashtakiwa, akashindwa. Miezi kumi imepita, na wakikutana sokoni humwambia, "Mama, subiri kidogo tu." Nitatumia kesi yake, kwa kubadilisha baadhi ya mambo, kuonyesha tunavyofanya.

Hatua ya 1: Piga hesabu. Hukumu ilikuwa ya shilingi 380,000, gharama za kesi 45,000, na riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Riba ya miezi kumi ni 38,000, kwa hivyo jumla ni 463,000. Chukua mahakamani dikrii, yaani hati rasmi ya amri inayotokana na hukumu, halafu uombe utekelezaji. Ukichelewa zaidi ya mwaka mmoja tangu dikrii, kwa kawaida mdaiwa lazima kwanza aitwe aeleze kwa nini isitekelezwe. Hapo ameshapata nafasi ya kuficha.

Hatua ya 2: Jua mali iko wapi kabla ya kumgusa. Hapa ndipo wengi huteleza. Nilimwambia mama aniletee kila karatasi aliyowahi kupewa na huyu bwana. Katikati ya risiti kulikuwa na picha ya hundi moja ya zamani: jina la benki, tawi, nambari ya akaunti, vyote vinasomeka. Usipopata kitu kama hicho, unaweza kuiomba mahakama imwite mdaiwa ahojiwe kwa kiapo kuhusu mali na madeni anayodai wengine. Ila ukimwita, umemwamsha.

Hatua ya 3: Bidhaa, kwa tahadhari. Mama alitaka dalali aende siku hiyohiyo. Nikakubali, na nikakosea. Dalali wa mahakama huorodhesha vitu na kumpa mdaiwa siku saba alipe kabla ya kuvibeba. Aliandika pikapu, friji na televisheni. Sikuwa nimeangalia pikapu ni ya nani katika rekodi za NTSA. Ilikuwa ya kaka yake. Mke naye akaleta risiti ya friji yenye jina lake. Wote wawili wakawasilisha pingamizi, vitu vikasimama visiuzwe, na ada ya dalali ikatuelemea sisi. Na hata angekuwa navyo, sheria hulinda nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na vifaa anavyofanyia kazi. Chepe na toroli lake hatukuweza kuvigusa.

Hatua ya 4: Akaunti. Pesa iliyo benki ni deni ambalo benki inamdai... la hasha, ni deni ambalo *benki inadaiwa na mdaiwa wako*. Shika hapo, maana ndipo njia hii ilipoegemea: unaiomba mahakama deni hilo lilipwe kwako. Mawakili wanaiita ganishii. Ombi hupelekwa na hati ya kiapo inayotaja dikrii, kiasi kilichobaki, na benki. Mdaiwa haitwi katika hatua ya kwanza. Hakimu akiridhika hutoa amri ya muda, na benki hupelekewa angalau siku saba kabla ya kusikilizwa. Tangu ipokee, salio lililopo limefungwa.

Kwa hivyo siku ya kuipeleka ndiyo yote. Mkandarasi alikuwa analipwa na hoteli moja ya Watamu mwishoni mwa mwezi, nasi tukapeleka amri siku mbili baadaye. Tungekwenda tarehe 20 tungekuta vumbi.

Hatua ya 5: Soma jibu la benki vizuri. Benki inaweza kusema akaunti ni ya watu wawili, au mteja ana mkopo na yenyewe inadai kwanza. Yetu ilikiri shilingi 310,000 bila masharti. Amri ikathibitishwa, pesa zikalipwa. Angalizo: kama anayedaiwa na mdaiwa wako ni kaunti au serikali kuu, ganishii ya kawaida haikufikishi popote, huko kuna utaratibu wake.

Hatua ya 6: Mshahara kwa kilichobaki. Zilibaki 153,000. Wakati huo bwana yule alikuwa ameajiriwa kusimamia matengenezo hotelini kwa 60,000 kwa mwezi. Theluthi mbili ya mshahara hulindwa, kwa hivyo tulichoweza kukatiwa ni 20,000 kila mwezi: miezi saba kamili, na mwezi wa nane 13,000, bila riba inayoendelea. Ni polepole, lakini amri humwendea mwajiri, na mdaiwa hapewi nafasi ya kusema subiri.

Mama alipopokea makato ya kwanza alinipigia simu kuuliza kama anaweza kudai pia gharama za yule dalali wa mwanzo. Nikamwambia hizo ni zangu na zako, mama, tulikwenda bila kuangalia rekodi ya gari.