Kumbukumbu za kikao cha wadau: namna ya kuandika maswali na majibu

Kila mara naombwa "mfano wa kumbukumbu za kikao cha wadau". Mifano mnayo, mnainakili, na ripoti bado zinarudishwa. Basi naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Nazungumzia vikao vya tathmini ya athari kwa mazingira, ambavyo kanuni za Kenya za mwaka 2003 zinataka visipungue vitatu na watu wajulishwe angalau wiki moja kabla.

1. Tarehe, mahali, saa ya kuanza na ya kufunga, aliyeongoza. Basi.

2. Mahudhurio. Karatasi ya waliohudhuria iwe mbali na ya waliopokea nauli, na juu yake uandike kwamba sahihi si idhini ya mradi. Watu wa mtaani wanaijua hila ya kugeuza sahihi za mahudhurio kuwa idhini, na wengine watakataa kutia sahihi hadi waone maneno hayo.

3. Maelezo ya mradi. Aya moja, michoro iambatishwe.

4. Maswali na majibu. Hapa ndipo kumbukumbu nyingi zinapofia.

Tuseme ni bomba la majitaka linalopita Kayole. Mama muuza mboga anasimama: "Mkichimba mtaro mbele ya kibanda changu nitauzia wapi, na hizo siku nani atanilipa?" Mhandisi anamjibu, "Hilo tutaliangalia, mama." Katibu anaandika: "Wakazi waliuliza kuhusu fidia na wakahakikishiwa kuwa suala litashughulikiwa."

Hapo mtu mmoja amegeuzwa kuwa wakazi, maswali mawili yamekuwa moja, na swali la mahali pa kuuzia limetoweka. Tena hakuna aliyemhakikishia chochote. Andika hivi:

Swali la 7 (mwanamke, mfanyabiashara): Mtaro ukipita mbele ya kibanda chake, atauzia wapi? Nani atamlipa kwa siku ambazo hatauza?
Jibu (mhandisi wa mradi): Alisema wataliangalia.
Hali: Yote mawili hayajajibiwa. Mwenye mradi aliahidi kuleta jibu la maandishi katika kikao cha pili.

Huo mstari wa mwisho usiutunge nyumbani. Inua mkono palepale: "Mwenyekiti, niandike nani atajibu, na lini?" Hilo swali huamsha ukumbi mzima.

Onyo la kwanza: wenyeviti hupenda kukusanya maswali matatu kwa mpigo. Mhandisi hujibu la mwisho, la kwanza likasahaulika. Yape namba yakiulizwa, tia alama yakijibiwa, na kabla ya kufunga soma kwa sauti yaliyobaki.

Onyo la pili: jibu zuri likija siku nne baadaye, liandike chini kama jibu la nyongeza, na tarehe yake. Usilifute la ukumbini. Waliokuwapo wanakumbuka walichoambiwa.

5. Wasomee wawakilishi wa wakazi na mwenyekiti, kisha watie sahihi kila ukurasa.

MASWALI

Mkaaji wa Umoja: Unaweza kunitumia mfano wa kumbukumbu?
Jibu: Soma hatua ya 4.

Katibu Mpya: Mteja anataka malalamiko makali yaondolewe kwa sababu yanaharibu sura ya mradi. Si ni yeye anayelipa?
Jibu: Anakulipa uandike kikao, si uandike anachotamani. Mtu akitukana, acha tusi na ubakize hoja. Hoja haiondolewi.

Wanjiru wa Githurai: Watu wanauliza kwa Kiswahili na Sheng, ripoti inatakiwa Kiingereza. Naandika ipi?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Andika maneno yao kwanza, tafsiri chini yake. Kanuni ya 17 yenyewe inataka maoni ya mdomo na ya maandishi yanakiliwe pamoja na tafsiri zake. Mtu akisema "mtatutoa", usikimbilie kutafsiri kuwa kuhamishwa kwa utaratibu, maana huenda anahofia kuvunjiwa usiku. Muulize ana maana gani, uandike jibu lake.

Otieno: Majina ya waliouliza yawekwe?
Jibu: Kwenye jedwali weka namba na anachofanya mtu. Majina na namba za simu zibaki kwenye orodha ya mahudhurio, na usiisambaze ovyo kwenye makundi ya simu. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019.

Katibu Mpya: Lakini si ningerekodi tu kwa simu nikaandika baadaye?
Jibu: Omba ruhusa, rekodi, lakini andika pia. Ukumbi wa mabati na mvua ya Aprili, utaenda nyumbani na kelele tu.

Otieno: Na spika. Simu iwekwe mbali nayo, karibu na maikrofoni inayozungushwa kwa watu.
Jibu: Kweli. Na anayeizungusha aambiwe asimpokonye mtu kabla hajamaliza swali la pili.