Somo: Kuthibitisha salio la benki la mteja kupitia skrini

Naliandika mara moja ili nisirudie tena. Kila tunapofunga hesabu za tarehe 30 Juni swali ni lilelile: duka la mteja liko Mbale, mkaguzi yuko Kampala, salio la benki litaaminiwaje?

1. Pangeni simu ya video. Ukitaka kurekodi, omba ridhaa kwanza.

2. Mhasibu ashiriki skrini nzima, si dirisha moja.

3. Hapa ndipo wengi huharibu. Usianze na ukurasa uliokwisha kufunguliwa. Mtu akibonyeza F12 anaweza kubadilisha namba yoyote kwenye kivinjari chake, na wewe utaona ukurasa halisi wa benki wenye salio la uongo. Basi atoke kwenye akaunti, aandike anwani ya benki ukiwa unaangalia, aingie upya, na tarehe uzichague wewe. Salio likitokea, abonyeze F5: namba iliyochezewa kwa njia hiyo hurudi ilivyokuwa. Kisha apakue taarifa ya benki na kukutumia palepale. Mtandao ukikatika, anzeni tena tangu kuingia. Dakika mbili za giza zinatosha kuandaa faili jingine.

4. Linganisha faili hilo na lile la taarifa ya benki ulilotumiwa na mteja kabla ya simu, halafu piga hesabu mstari kwa mstari. Mfano: salio 12,400,000, malipo 3,150,000, linalofuata liwe 9,250,000. Ukikuta 19,250,000, kuna aliyeongeza tarakimu.

5. Tuma barua ya uthibitisho benki, na jibu lije kwako moja kwa moja, kama ISA 505, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, inavyotaka.

MASWALI

— Mkuu, picha ya skrini kwa WhatsApp haitoshi?

Hapana. Soma hatua ya 3.

— Lakini mteja wangu ni mwaminifu, namjua miaka mingi.

Uaminifu wake hauingii kwenye faili la ukaguzi. Ushahidi ndio unaoingia.

— Je, kama kompyuta yake ina programu inayobadilisha namba hata baada ya F5?

Swali zuri sana, dada. Inawezekana, na F5 haitaikamata. Kompyuta ni yake, kwa hiyo chochote kinachopitia humo kiko mikononi mwake, hata faili analolipakua mbele yako. Ndiyo maana hatua ya 5 haiachwi: jibu la benki halipiti kwake. Hakikisha tu anwani ya benki umeitafuta mwenyewe. Ukipewa na mteja, huenda barua inakwenda kwa binamu yake.

— Na ankara za manunuzi?

Hizo ni nafuu kidogo. Ankara ya EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato URA, ina namba yake na msimbo wa uhakiki, nawe unaihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya URA, kwa kompyuta yako. Ila hiyo inathibitisha kwamba ankara ilitolewa, haithibitishi kwamba saruji ilifika dukani. Kwa hilo omba hati ya kupokelea mzigo.