CHF iliyoboreshwa: barua ya rufaa ndiyo inayofungua mlango wa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga

Mama lishe wa Pongwe, mumewe na watoto wanne ni kaya ya watu 6. Kwa utaratibu wa CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ulioanza 2018, kaya ya namna hiyo nje ya Dar es Salaam ilipangiwa kuchangia shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa kila kichwa. Hulipwa kwa mkupuo, si kila mwezi, kwa hiyo anayeuza chakula aweke akiba msimu wa biashara nzuri. Mwaka ukiisha bila kulipia upya, kadi haitibu hata kama bado inang'aa.

Tatizo kubwa huwa kwenye rufaa. Mtoto akiugua, anza zahanati au kituo cha afya cha karibu na uonyeshe kadi kabla ya kumwona daktari. Wakishindwa, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha Bombo. Ukienda Bombo moja kwa moja kwa ugonjwa usio wa dharura, utalipa taslimu. Na usitegemee kurudishiwa ukiwa na risiti, kwani kituo ndicho kinachodai malipo kwenye mfuko, si wewe.