Somo: Uvimbe wa matiti na usaha wa kizazi kwa paka jike asiyetolewa kizazi

Paka jike anayezeeka bila kutolewa kizazi hukabiliwa na maradhi mawili yanayochochewa na homoni za ovari: saratani ya matiti, ambayo hukua kimyakimya, na usaha ndani ya kizazi, unaoweza kumuua kwa siku chache.

Hatua ya kwanza: mpapase. Mara moja kwa mwezi, mlaze ubavu, kisha pitisha ncha za vidole juu ya matiti yake manane, kuanzia kwapani hadi kinenani, ukitafuta kitu kigumu mfano wa punje ya mchele. Ukikipata, usisubiri uone kitakuwaje, kwa kuwa vivimbe vingi vya matiti ya paka mzee ni saratani. Uvimbe ukiondolewa ungali chini ya sentimita 2, paka wengi huishi miaka kadhaa. Ukivuka sentimita 3, mara nyingi huhesabiwa miezi.

Hatua ya pili: mtazame nyuma. Usaha hujitokeza zaidi katika wiki chache baada ya joto la kutaka dume, wakati projesteroni, mojawapo ya homoni za ovari, imeufanya ukuta wa kizazi kuwa mnene na bakteria waliopanda kutoka nje wamepata malisho. Paka hujilamba mno, hivyo huenda usione uchafu wowote, bali kukataa chakula na tumbo kujaa. Mlango wa kizazi ukiwa umefunga, hakuna kinachotoka, na hapo hatari ni kubwa zaidi.

Paka mmoja wa miaka 11 niliyemtibu Tanga alikuwa na vyote viwili: hakuwa amekula kwa siku tatu, na titi la nyuma lilikuwa na uvimbe wa sentimita 1.5. Tulimpa dripu na antibiotiki, na siku hiyohiyo tukatoa kizazi pamoja na ovari, kwa sababu usaha haungojei. Wiki tatu baadaye, eksirei ilipoonyesha mapafu safi, tuliondoa safu nzima ya matiti ya upande ule, maana kukata kivimbe peke yake huacha nafasi ya saratani kurudi jirani.

Hatua ya tatu: paka mdogo. Akitolewa kizazi kabla ya miezi 6, hatari ya saratani ya matiti hupungua kwa takriban asilimia 91. Kabla ya mwaka mmoja, 86. Katika mwaka wa pili, 11 tu.

Maswali ya wanachama

*Daktari, si bora azae mara moja kwanza?*
Hapana. Kuzaa hakumkingi, na kusubiri kunakula muda wenye faida kubwa.

*Wangu ana miaka minne. Nimechelewa?*
Kwa matiti, kinga imekwisha kwa sehemu kubwa. Kwa usaha hujachelewa, kwani kizazi kisichokuwepo hakijai.

*Je, sindano ya kuzuia joto?*
Hiyo ni homoni ya jamii ya projesteroni, nayo huongeza hatari ya maradhi yote mawili.