Umesahau kikao kabisa? Namna ya kuomba radhi bila kutunga sababu

Kazi yangu ni kusimamia miradi ya wateja, na barua za kuomba radhi nimeziandika na kuzipokea kwa miaka mingi. Iliyo ngumu kuliko zote ni ya mtu ambaye hakuugua wala hakukwama njiani. Alisahau tu.

Tuchukue mfano mmoja. Ulipanga kukutana na mteja saa nne asubuhi mtandaoni, yeye na wenzake wawili, mpitie rasimu ya mkataba. Saa saba na nusu unafungua simu na kukuta ujumbe wake wa saa nne na dakika kumi: "Tupo, tunakusubiri." Baada ya hapo, kimya.

Hatua ya 1: Piga simu mara moja, sasa hivi. Usianze kutunga maneno mazuri, kwa sababu kila saa inayopita inamfanya aamini kwamba hujali. Asipopokea, usirudie mara tano. Simu nyingi humgeuza yeye kuwa mtu wa kukutuliza wewe. Andika ujumbe.

Hatua ya 2: Sema "nilisahau". Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na Kiswahili chenyewe kinatupa vichaka vya kujifichia. Tunaandika "kikao kilinitoka akilini", kana kwamba kikao ndicho kilichotoka. Au "ilisahaulika", bila kusema nani alisahau. Au lile la maofisini, "samahani kwa usumbufu uliojitokeza", usumbufu uliojizaa wenyewe. Msomaji huhisi ukwepaji huo hata asipoweza kuutaja. Neno "nilisahau" lina mtendaji ndani yake, na huyo ni wewe.

Kishawishi kikubwa zaidi ni kusema kulikuwa na dharura. Usifanye hivyo. Mtu mwema atakuuliza wiki ijayo, "Mgonjwa anaendeleaje?" na hapo utalazimika kujenga ghorofa ya pili ya uongo. Tena huenda mwenzake alikuona ukijibu ujumbe kwenye kundi jingine saa nne na robo. Kusahau husameheka, lakini uongo ukigundulika, hata kazi yako nzuri ya zamani huanza kutiliwa shaka.

Neno "samahani" pekee ni jepesi hapa, maana tunalitumia hata tunapompita mtu mlangoni. Tumia "nakuomba radhi".

Hatua ya 3: Taja walichopoteza. Hesabu kabla hujaandika: watu watatu, na pengine kila mmoja alisubiri nusu saa. Ila usidai muda usioujua. Unachokijua ni kwamba walikuwepo, na kwamba rasimu haikupitiwa. Ondoa pia neno "kama". "Kama nimekukwaza" ni kumwachia yeye kazi ya kuthibitisha kosa lako.

Ujumbe wenyewe uwe hivi:

"Habari za mchana, dada. Leo saa nne tulikuwa na kikao nami sikutokea. Nilisahau, sina sababu nyingine. Wewe na wenzako wawili mlitenga asubuhi yenu kwa ajili yangu, na rasimu imebaki bila kupitiwa. Nakuomba radhi, na naomba uwafikishie wenzako radhi zangu, au uniruhusu niwaandikie mwenyewe. Jioni hii nitakutumia rasimu yenye maelezo yangu pembeni, ili msichelewe. Mkiwa tayari kukutana tena, nitafuata muda wenu."

Angalia kilichokosekana: hakuna maelezo ya jinsi wiki ilivyokuwa na kazi nyingi, wala "najisikia vibaya sana, sijui nifanyeje". Majuto marefu humlazimisha aliyekosewa kukubembeleza.

Usimtumie mwaliko mpya wa kikao papo hapo. Huo ni kuomba muda wake tena kabla hajasema kama bado anautoa.

Hatua ya 4: Tuma ulichoahidi. Umesema jioni, basi iwe jioni. Ukichelewa hapa, ujumbe wote wa juu umefutika.

Hatua ya 5: Soma jibu lake. "Hakuna shida, tukutane Alhamisi" maana yake yamekwisha. Thibitisha, usiombe radhi tena. "Sawa" peke yake, bila tarehe, mara nyingi ni hasira iliyofunikwa kwa adabu. Mwache siku mbili, kisha muulize mara moja tu kama angependa mambo ya rasimu yaendelee kwa maandishi. Akikaa kimya, ana haki hiyo.

Hatua ya 6: Kikao cha pili. Weka kengele mbili, moja jioni ya kuamkia siku hiyo na nyingine nusu saa kabla. Ingia dakika tano mapema. Wenzake wakishaingia, waambie wote: "Wiki iliyopita niliwaacha mkisubiri, nawaomba radhi." Kisha fungua rasimu, ukurasa wa kwanza, muanze.