Kutoka kadeti hadi ofisa wa zamu: jinsi ya kuhesabu miezi yako ya baharini kabla ya kuomba cheti

Mwongozo huu ni wa kadeti wa deki anayetaka cheti cha umahiri cha ofisa wa zamu kwenye meli za tani 500 na zaidi. Kwa Tanzania Bara maombi hupelekwa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli, Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya ni Mamlaka ya Bahari. Masharti ya msingi ni yale yale kokote, kwa sababu yanatoka kwenye STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia wa 1978, na marekebisho yake ya Manila ya 2010.

Anza na macho, kabla hujalipa ada ya chuo. Nenda kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka ya bahari. Cheti cha daktari mwingine hakitapokelewa hata awe bingwa. Atakuonyesha kitabu chenye namba zilizofichwa kati ya vidoti vya rangi. Usiku ukiwa brij, chumba cha kuongozea meli, meli ya mbele unaijua kwa taa zake: nyekundu ni ubavu wake wa kushoto, kijani ni wa kulia. Asiyetofautisha rangi hizo hapewi zamu, na miwani haimsaidii. Kama tatizo ni kuona mbali tu, miwani inaruhusiwa. Cheti cha afya hudumu miaka 2, au mwaka 1 kama hujafika miaka 18. Kikiisha ukiwa safarini, kinakubalika hadi bandari inayofuata yenye daktari anayetambuliwa, ila isizidi miezi 3.

Kisha fanya mafunzo ya msingi ya usalama: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi kazini, pamoja na mafunzo ya ulinzi wa meli. Dar es Salaam yanatolewa na chuo cha bahari cha DMI, Mombasa na Bandari Maritime Academy. Ukishapata vyeti hivi na kitabu cha baharia, ndipo unatafuta meli.

Sasa tufike mahali ambapo wengi wanakwama. Ukiwa kwenye programu ya kadeti iliyoidhinishwa, unatakiwa miezi isiyopungua 12 baharini, na kazi zako zote ziandikwe kwenye kitabu cha mafunzo. Bila programu hiyo ni miezi 36. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, angalau miezi 6 iwe ya zamu brij, chini ya nahodha au ofisa mwenye sifa. Tena meli iwe ya baharini kweli: kivuko cha Kigamboni au cha Likoni, na meli ya Ziwa Victoria, havihesabiki hapa.

Tuchukue kadeti aliyepanda meli ya kwanza tarehe 3 Februari, akashuka 2 Agosti. Hiyo ni miezi 6 kamili. Meli ya pili alipanda 10 Oktoba, akashuka 24 Februari: miezi 4 na siku 15. Jumla ana miezi 10 na siku 15, kwa hiyo amebakiwa na mwezi 1 na siku 15. Vipande vya siku huunganishwa, na kila siku 30 ni mwezi.

Lakini meli ya kwanza ilimweka kwenye kukwangua kutu na kupaka rangi. Brij alikaa miezi 2 tu. Ya pili alishika zamu muda wote, ila barua ya nahodha ilisema "alifanya kazi vizuri" bila kutaja brij. Kwa ofisa anayepitia faili, huyu ana miezi 2 ya zamu, siyo sita na nusu. Mimi mwenyewe barua ya namna hiyo ilinirudisha nyumbani, nikatafuta nahodha aliyekwisha hamia kampuni nyingine.

Kwa hiyo usishuke meli kabla ya kushika barua yenye jina la meli, tani zake, tarehe ya kupanda na ya kushuka, cheo chako, na miezi ya zamu brij ikiandikwa kwa namba. Iwe na saini na mhuri. Kitabu cha mafunzo kisainiwe kila wiki. Kurasa hamsini zenye wino mmoja na tarehe moja zinamtia mkaguzi shaka mara moja.

Miezi ikitimia, rudi chuoni umalizie kozi za boti za uokoaji, uzimaji moto wa ngazi ya juu, huduma ya kwanza ya kitabibu, rada na GMDSS, mfumo wa redio wa dharura baharini. Kisha peleka maombi yenye vyeti hivyo, kitabu cha baharia, barua za manahodha, kitabu cha mafunzo na cheti cha afya ambacho hakijaisha. Katika mtihani wa mdomo tegemea kuonyeshwa taa za meli na kuulizwa nani apishe. Ukifaulu, cheti kitadumu miaka 5, ndipo ukihuishe.